Degedege kwa Kiingereza: niliyojifunza Mutukula

Safu ya nne ya jedwali langu ilikuwa na neno moja lililojirudia kutoka juu hadi chini. Kila mahali ambapo mama au bibi alisema "degedege", mimi niliandika `convulsions`, yaani mtukutiko wa mwili, nikashuka mstari unaofuata. Nilijiona mfasiri makini, maana neno moja la Kiswahili limepata neno moja la Kiingereza na halibadiliki njiani. Muuguzi mmoja alikaa nami saa nzima akanionyesha kwamba safu ile ilikuwa inawasemea akina mama mambo ambayo hawakuyasema.

Mimi nimekulia kambi ya polisi, Nsambya, Kampala. Kiswahili chetu kilikuwa cha kambini, cha baba zetu waliotoka Arua, Lira na Mbale wakakutana kwenye paredi. Mtoto akikakamaa kwa homa, majirani zetu Waganda walisema "eyabwe", na sisi tulisema hivyohivyo. Degedege nililisikia redioni tu, nikaja kulisoma kwenye kamusi. Kwa hiyo nilipopewa kazi ya kufasiri mahojiano yaliyorekodiwa Mutukula, mpakani na Tanzania, neno hilo nililijua kwa macho kuliko kwa masikio. Mahojiano yalikuwa ya watu waliowahi kumuuguza mtoto mwenye homa kali. Ya Kiluganda alipewa mwenzangu. Mimi nilipewa ya Kiswahili: wake wa madereva wa malori, wafanyabiashara waliovuka kutoka Kagera, na wachache waliotoka mbali zaidi, pwani.

Mmoja wao alikuwa mama wa Tanga aliyeolewa na dereva. Maneno yake nimeyasikiliza mara nyingi mno hata nayajua kwa moyo:

"Alianza kuchemka jioni. Nikampa panadoli, nikamfuta kwa maji. Usiku wa manane nikasikia kimya. Namgusa, hashtuki. Macho yamekodoka yanatazama juu, kama kuna kitu darini anakiona. Mwili mgumu, mikono kaikunja hivi. Hakutikisika. Nikajua hili ni degedege, limemwona binti yangu. Mama mkwe akasema msimpeleke kwenye sindano, degedege na sindano haviwezani. Tukakaa naye mpaka likamwachia, alfajiri. Akaamka, lakini hakunitambua."

Mimi nilifupisha: saa sita ya usiku mtoto alipata mtukutiko, familia haikwenda hospitali kwa sababu ya imani, asubuhi aliamka. Hayo ndiyo niliyoyaandika kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza yalisomeka vizuri sana. Tena nilimwandika kama mtoto wa kiume, kwa sababu Kiswahili kinasema "a-" kwa wote na mimi sikungoja mpaka alipotamka "binti yangu".

Muuguzi aliyepitia kazi yangu anafanya kazi katika kituo cha afya huku kusini. Sote tulimwita musawo, kama watu wa hapa wanavyomwita kila anayetibu. Alisoma mstari ule, akaniuliza, "Umeandika mtukutiko. Mtoto alitukutika?"

"Alisema degedege, musawo."

"Sikuulizi mama alisema neno gani. Nakuuliza mtoto alifanya nini."

Tukaiweka sauti. Ilipofika "hakutikisika" akainua mkono niisimamishe, akanitazama, wala hakusema kitu. Ilipofika "hakunitambua" akaisimamisha mwenyewe.

Alinieleza polepole, kama anavyowaeleza wanafunzi wake. Watoto wadogo wengi, kati ya miezi sita na miaka mitano, hupata mtukutiko kwa sababu tu homa imepanda. Huo wa kawaida hutikisa mwili wote, huisha kabla ya dakika 15, haurudi siku hiyo, na baada ya muda mfupi mtoto anarudiwa na fahamu, analia, anamtafuta mama yake. Unatisha, lakini mara nyingi haumwachii mtoto madhara. Mtoto aliyekakamaa tangu usiku wa manane, na alfajiri anafungua macho hamtambui aliyemzaa, huyo ni wa habari nyingine. Inaweza kuwa malaria iliyofika ubongoni. Inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Inaweza kuwa sukari ya damu imeshuka mno, jambo linalowapata watoto wenye malaria kali, nalo hujulikana kwa tone moja la damu kidoleni. Pengine mtoto yule aliendelea na mtukutiko usioonekana, ule wa macho na vidole tu.

"Ni ipi kati ya hizo?" nikamuuliza.

"Siwezi kujua kutoka kwenye sauti. Na wewe pia huwezi. Lakini neno lako limeshaamua."

Kauli hiyo ndiyo iliyonibadilisha. Mama hakuamua ugonjwa wa kitabibu. Alieleza alichokiona, akakipa jina analolijua, akataja anachoamini kimekileta. Mambo hayo matatu mimi niliyakunja yakawa neno moja la hospitali, na msomaji aliyeko Kampala angeamini kwamba mama ndiye aliyelileta neno hilo.

Nikamwuliza kama basi hata kwenye kituo chake neno degedege halimsaidii. Akasema linamsaidia sana. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya kumhudumia mtoto mgonjwa inamtaka mhudumu aulize dalili chache za hatari kwa kila mtoto: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata mtukutiko katika ugonjwa huu, amelegea mno au amepoteza fahamu. Na inamtaka atumie maneno ambayo mama anayaelewa. Kwa hiyo yeye huuliza kwa eyabwe, huuliza kwa degedege, na mama akiitikia tu, mtoto anapewa rufaa haraka. Pale mezani kwake neno pana ni wavu mzuri. Akimkamata mtoto ambaye kumbe alitetemeka tu kwa baridi ya homa, hakuna aliyeumia, na mtoto mwenyewe yuko mbele yake, anamshika shingo, anampima damu, anamwangalia macho. Karatasi yangu haina mtoto. Msomaji wa Kiingereza ana neno langu peke yake, na likiwa pana kuliko alilosema mama, au jembamba kuliko hilo, hana pa kulirekebishia.

Nikarudi mwanzo wa jedwali, nikasikiliza upya. Sasa nilikuwa naorodhesha pembeni mtoto alifanya nini kila degedege lilipotajwa. Palikuwa na mtoto aliyetikisika mikono na miguu, povu likamtoka, akalala, akaamka mzima. Hapo neno langu la zamani lilikuwa la haki. Palikuwa na huyu wa Tanga. Palikuwa na kichanga ambaye kila akilala alishtuka, akirusha mikono kama anayeanguka. Bibi yake alisema degedege linamnyemelea. Musawo aliposikia akasema watoto wachanga wengi hushtuka hivyo wakiwa wazima kabisa. Na palikuwa na baba mmoja aliyesema mwanawe "alikuwa anatetemeka na huku anaongea na mimi", akaliita hilo degedege dogo. Anayetukutika mwili mzima haongei na baba yake. Ile ilikuwa baridi ya homa kupanda.

Kumbe neno moja lilikuwa limebeba hali nne zisizofanana, na moja kati yake haikuwa ugonjwa.

Lakini upande wa pili ndio ulionishtua zaidi. Katika mahojiano yale kulikuwa na swali lililotoka kwenye Kiingereza likafasiriwa kwa Kiswahili na mtu mwingine kabla yangu: "Je, mtoto alipata degedege?" Bibi mmoja akajibu, "Hapana, mwanangu. Degedege si la kutibika kwa dawa ya hospitali. Huyu wangu ilikuwa malaria tu, ilimpanda kichwani." Mwulizaji akaweka alama ya hapana akaendelea. Dakika chache mbele, akisimulia safari ya bodaboda kwenda kituoni, bibi yuleyule anasema mjukuu wake "alinyooka kama mti, akauma ulimi, damu ikatoka mdomoni".

Kwa hiyo kwenye takwimu mtoto huyo hakuwa na mtukutiko, na kwenye sauti alikuwa nao waziwazi. Bibi hakudanganya. Kwake degedege ni lile lisilosikia dawa ya hospitali. Mjukuu alichomwa sindano akapona. Basi halikuwa degedege. Jina alilitoa baada ya matibabu, kutokana na kilichomponya mtoto. Daktari naye hubadili jina la ugonjwa majibu ya vipimo yakirudi, na sidhani bibi alifanya jambo geni. Kosa lilikuwa la swali. Lingeuliza kinachoonekana: alikakamaa? alitikisika mwili? macho yaligeuka? alikuwa anakusikia ukimwita? ilichukua muda gani? Hayo bibi angeyajibu bila kupitia jina la ugonjwa.

Mradi ulikuwa na njia ya kujihakiki. Maswali ya Kiingereza yalifasiriwa kwa Kiswahili, kisha mtu mwingine asiyeona ya kwanza akayarudisha kwa Kiingereza, na matoleo mawili yakalinganishwa. Yalilingana. Yangeachaje kulingana? Wa kwanza aliona mtukutiko akaandika degedege kwa sababu kamusi inasema hivyo. Wa pili akaona degedege akaandika mtukutiko kwa sababu kamusi ileile inasema hivyo. Wote wawili walipita mlango mmoja, mmoja akiingia, mwingine akitoka, na hakuna aliyekutana na bibi. Njia hiyo hukamata makosa ya kawaida, kama sentensi iliyorukwa au namba iliyogeuka. Jina la ugonjwa wa kienyeji hulipita kimya. Tangu siku ile, neno la namna hiyo nalijaribu kwa watu wenyewe, na swali langu kuu ni la kutenganisha: "Umewahi kumwona mtoto aliyetikisika kwa homa, nawe ukasema hili si degedege? Uliliitaje?" Jibu la swali hilo huonyesha mpaka wa neno ulipo.

Nilimuuliza hivyo mama wa Tanga nilipokwenda Mutukula mwenyewe, nikiwa na mwenzangu aliyemhoji mara ya kwanza. Binti yake alikuwa amefika miaka minne, anacheza uani. Akanijibu bila kufikiri sana. "Kutetemeka kwa homa, mtoto yupo, ukimwita anakugeukia. Degedege, mtoto hayupo. Mwili uko hapa, yeye hayupo." Nikamwuliza juu ya kutikisika. "Linaweza kumtikisa, linaweza lisimtikise. Alama yake ni macho." Wazee wa kwao, akasema, huliita hivyo kwa sababu ya ndege wa usiku, wengine husema nondo mkubwa, anayepita juu ya paa, kivuli chake kikimpata mtoto, mtoto humfuata kwa macho. Ndiyo maana alisema "limemwona", na ndiyo maana alitaja dari.

Nilijisikia vibaya hapo. "Kama kuna kitu darini anakiona" nililifuta kwenye ufasiri wangu nikidhani ni pambo la usimulizi. Kumbe ndiyo iliyokuwa dalili yenyewe, na musawo alipoisikia alisema macho yaliyokwama juu ni jambo ambalo yeye pia hulitafuta.

Kuhusu sindano nilimwuliza kwa adabu, maana niliwahi kuandika "kwa sababu ya imani" na neno hilo lilikuwa limeanza kunikera. Alisema kwao wamewaona watoto waliopelekwa wakiwa katika hali hiyo, wakachomwa, wakafa palepale. Sikumbishia, kwani aliyoyaona ameyaona. Musawo naye anawaona watoto hao: ni wale wanaoletwa saa nyingi baada ya fahamu kupotea, ambao dawa inaingia mwilini wakati wameshachelewa, na kitu cha mwisho familia inachokikumbuka ni sindano. Kwa Kiingereza niliandika sasa kwamba mama mkwe alikataza sindano kwa kuwa watoto aliowajua walikufa baada ya kuchomwa. Msomaji akiona "imani" anafikiri dawa yake ni kuwaelimisha. Akiona sababu yenyewe, atajua tatizo linaanzia kwenye saa zinazopotea kabla ya kufika.

Msimamizi wetu wa Kampala, mtu mwema na mwenye haraka, alipendekeza tumalize shida yote kwa kuandika `cerebral malaria`. Alisema wasomaji wanaifahamu, na watafiti wengi waliolishughulikia degedege wamelihusisha na malaria kali. Kuhusisha ni sawa. Huko Bagamoyo, Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulifuatilia jinsi familia zinavyolitibu degedege hasa kwa sababu hiyo. Lakini kuhusisha si kufasiri. Ili daktari aseme malaria ya ubongo anahitaji kuona vimelea kwenye damu, mtoto awe hana fahamu na fahamu isirudi hata baada ya mtukutiko kuisha kwa muda, na sababu nyingine ziwe zimeondolewa, ikiwamo homa ya uti wa mgongo na sukari kushuka. Mama wa Tanga hakuwa na darubini. Kumwandikia jina hilo ni kumwekea mdomoni majibu ya maabara.

Kilichomshawishi msimamizi kilikuwa mfano wa hapahapa Uganda. Kule Kitgum, Pader na Lamwo watoto walishikwa na ugonjwa wa kuinamisha kichwa mara kwa mara, hasa chakula kikiwekwa mbele yao. Waacholi waliuita luc luc, yaani kusinzia kwa kichwa. Madaktari walipokuja hawakuwa na jina la kitabibu linalolingana nao, nao hawakuulazimisha uwe kifafa cha kawaida siku ya kwanza. Waliuita kwa Kiingereza kwa kile kinachoonekana, ugonjwa wa kuinamisha kichwa, na jina hilo ndilo lililobaki hata serikali ilipofungua vituo maalumu vya matibabu mwaka 2012. Chanzo kiliachwa wazi kiendelee kutafutwa. Nikamwambia msimamizi, kama jina lililotokana na macho liliwafaa madaktari kule kaskazini, mama wa Mutukula naye anastahili hivyo.

Akakubali. Tukaligawa lile neno. Degedege likabaki degedege, na mara ya kwanza linapotokea katika ripoti likapewa maelezo ya sentensi mbili: ni jina la Kiswahili la hali inayowapata watoto wadogo, hujulikana zaidi kwa macho kugeuka juu na mtoto kutokuwepo, akiwa amekakamaa au anatikisika, kila msemaji ana mpaka wake, na si jina la kitabibu. Kisha kila kisa kikaandikwa hivi. Hiki ni cha mama wa Tanga, kama kilivyo kwenye jedwali:

```
NAME: degedege (caregiver's word, kept)
SEEN: eyes fixed upward, body stiff, arms bent; "she did not shake"
TIME: from deep night until dawn; not measured
AFTER: woke, "did not recognise me"
CAUSE, as told: "it saw my daughter"
```

Tazama mstari wa muda. Zamani niliandika saa sita ya usiku. Yeye alisema usiku wa manane, na usiku wa manane ni ule mzito, watu wamelala, hauna saa. Kuupa saa ni kuongeza kipimo ambacho hakikuwepo, na aliyeangalia muda wa mtukutiko angekitumia.

Mwenzangu wa Kiluganda alifanya vivyo hivyo kwa eyabwe. Kwanza tulitaka kuweka eyabwe na degedege katika mstari mmoja kama pacha, tukaacha. Wasemaji wake walikuwa na mpaka wao, na kulinganisha majina mawili ya kienyeji bila kuuliza ni kosa lilelile kwa njia fupi zaidi.

Jambo moja nililibakiza kama lilivyosemwa, ingawa msimamizi alitaka liwekewe alama ya shaka. Wanawake wawili walisema degedege likimrudia mtoto mara nyingi hugeuka kifafa. Musawo alisema liache, lisifutwe wala lisisahihishwe, kwa sababu baadhi ya watoto wanaopona malaria ya ubongo huja kupata kifafa baadaye, na yeye anawahudumia.

Kuna kisa kimoja ambacho sikukiweza. Mama alizungumza kwa kifupi, mtoto wake hakupona. Aliulizwa mtoto aliumwa nini, akasema, "Degedege," akanyamaza, na mwulizaji, kwa huruma, hakuendelea. Zamani nilikuwa nimemwandikia mtukutiko kama wengine. Sasa mstari wake una jina hilo peke yake. Kwenye kilichoonekana, muda, na kilichofuata, nimeandika kwamba hakueleza, na nimeiacha hivyo.